Hasira ikae pembeni, tarehe zitangulie: barua ya shilingi 34,500 kutoka Bugolobi

Mama mmoja ana biashara ya kupika chakula cha mchana kwa maofisi, jiko lake liko karibu na soko la Bugolobi. Akaunti yake ya biashara ipo kwenye tawi la benki lisilo mbali na jiko hilo. Kila tarehe 5 benki humlipia kodi ya jiko kwa agizo la kudumu, lile ambalo watu wa kaunta huliita stending oda: shilingi 1,200,000 zinatoka zenyewe kwenda kwa mwenye nyumba. Mwezi Machi 2024 kodi ililipwa, mwenye nyumba akathibitisha kuipokea. Lakini siku hiyohiyo benki ikamkata shilingi 30,000 kama adhabu ya agizo lililoshindikana, na juu yake shilingi 4,500 za ushuru. Agizo lilifanikiwa, adhabu ya kushindikana ikatozwa. Mama huyu, benki na viwango vya ada ni vya mfano nilioutunga, ila mkanganyiko wenyewe ni wa kawaida, na barua yake ya kwanza inafanana na nyingi ambazo watu huniletea niwasaidie kuzinyoosha.

Barua hiyo ya kwanza ilikwenda hivi:

«Kwa Meneja. Nimechoka na wizi wenu. Kila mwezi mnanikata pesa bila sababu, sisi wafanyabiashara wadogo mnatunyonya damu. Nimekuwa mteja wenu mwaminifu miaka mingi na hamna hata aibu. Nilipokuja kuuliza, yule binti wa kaunta alinijibu kwa dharau mbele ya watu, akaniambia ni mambo ya mfumo. Mimi najua pesa yangu ilikuwepo. Rudisheni pesa zangu haraka, la sivyo nafunga akaunti na nitawaanika kwenye redio. Mungu anawaona.»

Kila neno hapo lina sababu yake, na mimi siwezi kumlaumu aliyeliandika. Shilingi 34,500 ni faida ya sahani nyingi za matoke na karanga. Kosa la barua liko kwingine: haisemi kiasi gani kilikatwa, lini, kwa jina gani, wala kutoka akaunti ipi. Na mambo mengine yote inayoyasema ni mambo ambayo benki inaweza kuyajibu bila kurudisha hata shilingi moja.

Tuifuate barua ikishafika. Dawati la malalamiko huiingiza kwenye rejista, na aliyeketi hapo lazima aseme ni lalamiko la aina gani ndipo ajue aipeleke wapi. Dharau ya kaunta ni suala la huduma, litakwenda kwa meneja wa tawi. Neno wizi ni tuhuma ya jinai, nalo litaelekezwa kwa watu wa usalama au wa sheria. Tishio la kufunga akaunti ni la watu wa mahusiano na wateja. Makato yenyewe yanahusu kitengo cha uendeshaji, wale wanaoweza kufungua kumbukumbu za mfumo na kuona agizo lilijaribiwa saa ngapi. Barua moja, milango minne. Mfanyakazi mwenye rundo la barua mezani atachagua mlango ulio rahisi kufunga, na mlango huo karibu siku zote ni ule wa huduma. Baada ya siku kadhaa mama atapata jibu la heshima: tunasikitika kwa namna ulivyohudumiwa, tumezungumza na mfanyakazi husika, tunathamini kuwa nawe. Lalamiko limefungwa, na kwenye vitabu vya benki limejibiwa kweli. Shilingi 34,500 hazijaguswa.

Neno lililomgharimu zaidi ni «kila mwezi». Atakayepokea barua atafungua taarifa ya akaunti ya Februari na Januari, hataona adhabu yoyote, na kuanzia hapo atakuwa anasoma barua ya mtu anayetia chumvi. Lalamiko la kweli la Machi limeingia shaka kwa sababu ya miezi miwili ambayo haikuwa na tatizo. «Najua pesa yangu ilikuwepo» nayo haina nguvu, ingawa ni kweli, kwa kuwa benki haishindani na anachokijua mteja. Itashindana na kilichoandikwa, kwa hiyo kilichoandikwa ndicho tunapaswa kukitafuta kabla ya kushika kalamu tena.

Kinachotafutwa ni karatasi tatu. Ya kwanza ni taarifa ya akaunti ya siku zile, yenye salio baada ya kila mstari. Ya pili ni slipu ya kuweka pesa, ile yenye mhuri wa kaunta. Ya tatu ni orodha ya ada za benki, ambayo mteja ana haki ya kuiona, na matawi mengi huibandika ukutani ukumbini. Tukizisoma pamoja, mkasa unajieleza. Jumatatu tarehe 4 Machi asubuhi, akaunti ilikuwa na shilingi 560,000. Siku hiyo mama aliweka kaunta shilingi 900,000, na slipu ina mhuri wa siku hiyo pamoja na saa, 5:20 asubuhi. Salio likawa 1,460,000. Jumanne tarehe 5 ikatoka kodi, 1,200,000. Ikatoka ada ya kawaida ya agizo la kudumu, 5,000, na ushuru wake 750. Salio likabaki 254,250. Chini yake kukaja mstari wa adhabu, 30,000, na ushuru wake 4,500, salio likashuka hadi 219,750.

Mstari huo wa adhabu unatoka wapi ikiwa pesa ilikuwepo? Hapa inabidi kujua jambo moja kuhusu mifumo ya benki ambalo kaunta haikuelezi. Kila pesa inayoingia kwenye akaunti ina tarehe mbili. Moja ni tarehe iliyoandikwa kwenye vitabu. Nyingine ni tarehe ya thamani, yaani siku ambayo mfumo unaihesabu pesa hiyo kuwa inaweza kutumika. Kwa pesa taslimu tarehe hizi mbili kwa kawaida ni moja. Kwa hundi hutofautiana, maana hundi lazima ipite kwanza kwenye benki iliyoitoa. Maagizo ya kudumu nayo mara nyingi hutekelezwa kwa mkupuo, usiku au alfajiri, kabla milango ya tawi haijafunguliwa. Mfumo ukikuta pesa haitoshi huandika kwamba agizo limeshindikana na kutoza adhabu, kisha huenda ukajaribu tena baadaye siku hiyohiyo.

Sasa dhana inayoeleweka inajitokeza. Inawezekana mfanyakazi wa kaunta aliingiza zile 900,000 kama hundi badala ya pesa taslimu, au akaipa amana hiyo tarehe ya thamani ya kesho yake mchana. Alfajiri ya tarehe 5 mfumo ukaona 560,000 tu za kutumika, ukaandika kushindikana. Baadaye ukajaribu tena, ukakuta pesa, ukalipa. Adhabu ikabaki. Kwa hiyo «ni mambo ya mfumo» halikuwa jibu la uongo, lilikuwa jibu lililoishia njiani: mfumo ulifanya ulichoelekezwa, na aliyeuelekeza huenda ni mkono wa binadamu kaunta.

Hatuna hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa, na barua haitakiwi kudai hakika hiyo. Inatakiwa kuuliza swali ambalo benki ikilijibu kwa ukweli haitakuwa na namna ya kubaki na zile pesa.

Barua mpya ni hii. Barua za benki Kampala kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Naiweka hapa kwa Kiswahili, na mpangilio wake utafaa kwa lugha yoyote utakayoiandikia.

«11 Machi 2024

Kwa Meneja wa Tawi, Bugolobi
Nakala: Dawati la Malalamiko ya Wateja, Makao Makuu

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA SHILINGI 34,500 ZILIZOKATWA TAREHE 5 MACHI 2024, AKAUNTI NAMBA …

Tarehe 5 Machi 2024 akaunti yangu ilikatwa shilingi 30,000 kwa maelezo ya adhabu ya agizo la kudumu lililoshindikana, na shilingi 4,500 za ushuru juu ya adhabu hiyo. Jumla ni shilingi 34,500.

Agizo hilo halikushindikana kwa kukosa pesa. Tarehe 4 Machi saa 5:20 asubuhi niliweka shilingi 900,000 taslimu katika tawi lenu la Bugolobi, na salio likawa shilingi 1,460,000. Agizo lilikuwa la shilingi 1,200,000. Lililipwa tarehe 5 Machi, kama taarifa ya akaunti inavyoonyesha, na ada yake ya kawaida ya shilingi 5,000 pamoja na ushuru wa shilingi 750 ilikatwa. Ada hiyo siipingi.

Kwa hiyo sikubaliani na adhabu, na ninaomba mambo matatu. Mnirejeshee shilingi 34,500 kwenye akaunti hiyohiyo. Mnieleze kwa maandishi agizo lilijaribiwa saa ngapi tarehe 5 Machi, na amana yangu ya tarehe 4 iliingizwa kama pesa taslimu au kwa namna nyingine, na kwa tarehe gani ya thamani. Na kama kulikuwa na kosa katika kuingiza amana au katika mpangilio wa agizo, mlirekebishe kabla ya tarehe 5 Aprili, agizo litakapotekelezwa tena.

Ninaomba jibu la maandishi ndani ya wiki mbili tangu kupokelewa kwa barua hii, kwa mujibu wa Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha.

Nimeambatisha: taarifa ya akaunti ya tarehe 1 hadi 8 Machi, slipu ya kuweka pesa ya tarehe 4 Machi, na picha ya orodha ya ada kama ilivyobandikwa tawini.

Wako, …
Simu …»

Msomaji mmoja aliyeona rasimu ya aina hii aliniambia imekuwa baridi mno, kama vile mama ameikubali dhuluma. Mimi naiona kinyume. Barua ya kwanza ilikuwa na kelele, lakini meneja angeweza kuiweka pembeni. Hii ya pili inambana. Hebu jaribu kuijibu kwa kusema «tunasikitika kwa usumbufu». Haijibiki hivyo, maana haikulalamikia usumbufu. Inauliza saa, na saa iko kwenye kumbukumbu za mfumo. Inauliza tarehe ya thamani, nayo ipo. «Sikubaliani» imebaki, na inatosha. Tulichoondoa ni kile kilichompa mpokeaji kazi nyingine ya kufanya.

Sentensi moja fupi nataka isipuuzwe: «Ada hiyo siipingi.» Watu hunibishia sana hapa, wanaona ni kuipa benki zawadi. Lakini mteja anayetenganisha shilingi 5,750 halali na shilingi 34,500 zisizo halali anamwonyesha msomaji kwamba ameisoma taarifa mstari kwa mstari. Pia anafunga mlango wa jibu ambalo benki hupenda kulitoa, kwamba ada za agizo la kudumu zimo kwenye orodha na mteja alizikubali alipofungua akaunti. Zimo, ndiyo, na amekubali kuwa zimo. Mjadala ni wa mstari mwingine.

Jambo la pili ni zile 4,500. Uganda hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 juu ya ada za benki, na ndiyo maana kila ada kwenye taarifa yako ina mdogo wake anayeifuata nyuma: 5,000 na 750, 30,000 na 4,500. Anayeomba kurudishiwa «ile 30,000» anaweza kurudishiwa 30,000 kamili, benki ikasema imetekeleza ombi lake, na ushuru wa ada ambayo haikupaswa kutozwa ukabaki umelipwa kutoka mfukoni mwake. Wakikuambia ushuru umeshakwenda kwa mamlaka ya mapato, URA, jibu lako ni kwamba ulikatwa kwenye akaunti yako kwa kosa la benki, na namna benki itakavyomalizana na URA ni hesabu yao. Andika jumla kwenye kichwa cha barua, 34,500, uirudie kwenye ombi. Kiasi kikitajwa kwa sura mbili ndani ya barua moja, utalipwa kile kidogo.

La tatu ni ombi la kurekebisha chanzo. Benki nyingi zikiona kiasi ni kidogo hurudisha pesa haraka kama hisani na kuendelea na mambo mengine. Mteja anafurahi. Tarehe 5 ya mwezi unaofuata adhabu inarudi, kwa sababu mpangilio uliokosewa haukuguswa na mtu. Ndiyo sababu nikaiweka tarehe 5 Aprili ndani ya barua, na ndiyo sababu mama anatakiwa kuchukua taarifa nyingine ya akaunti siku inayofuata, hata kama pesa imekwisha rudi.

Kuna wakati kazi hii ya kukusanya karatasi inamgeukia mlalamikaji mwenyewe. Tuseme ile 900,000 haikuwa taslimu, ilikuwa hundi ya ofisi moja anayoipikia. Basi tarehe 4 salio la vitabu lingesomeka 1,460,000 huku pesa ya kutumika ikiwa 560,000 tu, na agizo la alfajiri lingeshindikana kihalali. Au tuseme aliweka pesa kwa wakala jioni, baada ya benki kufunga siku yake, na kwenye taarifa ikaonekana ya tarehe 5. Hapo adhabu ina hoja, na kilichobaki ni kuomba wamsamehe, ambayo ni barua tofauti kabisa: fupi, isiyodai haki, inayotaja tu kwamba agizo lililipwa siku hiyohiyo na kwamba halijawahi kushindikana kabla. Ni heri kuligundua hilo mezani kwako kuliko kulisoma kwenye jibu la benki baada ya kuwaita wezi.

Barua ikikamilika, ichapishwe nakala mbili. Moja inabaki tawini, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo unarudi nayo nyumbani. Kaunta ikikataa kugonga mhuri, omba kuonana na msaidizi wa meneja, na usiiache barua bila hilo. Wiki mbili zinahesabiwa kutoka kwenye mhuri huo. Barua ya tarehe 11 Machi inapaswa kuwa na jibu kufikia tarehe 25. Ukituma kwa barua pepe, tuma kwa anwani ya malalamiko ya benki na si kwa afisa mmoja unayemfahamu, kwa kuwa afisa huhamishwa au huenda likizo. Ukipiga simu, omba namba ya lalamiko na uiandike pamoja na tarehe na saa. Viambatisho viwe nakala, asili zibaki kwako. Namba ya akaunti itajwe, lakini namba ya kadi na namba ya siri zisiandikwe popote.

Ile dharau ya kaunta haijasahauliwa. Kama mama anataka ijibiwe, na ana haki hiyo, aiandikie barua yake peke yake: siku gani, saa ngapi, dirisha la ngapi, maneno gani yalisemwa. Itakwenda kwa meneja, mahali pake, na haitafunika mlango wa kitengo cha uendeshaji. Mimi ningemshauri aipeleke baada ya pesa kurudi.

Wiki mbili zikipita kimya, au jibu likija bila kugusa maswali, hatua inayofuata ni Benki Kuu ya Uganda, yenye makao yake Kampala Road. Ndiyo inayozisimamia benki za biashara, nayo hutarajia mteja awe amekwisha lalamika kwanza kwenye benki yake. Hapo ndipo mpangilio wa barua unapolipa mara ya pili: huandiki upya chochote. Unaweka karatasi moja juu, yenye aya mbili, inayosema ulilalamika lini na ulijibiwa nini au hukujibiwa, kisha unaambatisha barua ile yenye mhuri na viambatisho vyake. Afisa wa Benki Kuu ambaye hajawahi kukuona ataelewa kisa chote kabla hajafika ukurasa wa pili. Ile barua ya «Mungu anawaona» ungeona haya kuipeleka huko.

Mahakama nayo ipo. Utaratibu wa madai madogo unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, bila mawakili, baada ya kumpa mdaiwa notisi ya siku 14. Kwa 34,500 peke yake siuoni kuwa wa busara, kwa sababu siku moja ya kukaa mahakamani inamgharimu mpishi zaidi ya hizo. Kama makato yamejirudia kwa mwaka mzima na benki imekataa kwa maandishi, hesabu inabadilika, na barua zilizoandikwa kwa mpangilio huu ndizo zitakuwa ushahidi wake.

Kwa hiyo ukikuta makato usiyoyaelewa, andika ile barua ya hasira usiku huohuo ukitaka, ila usiipeleke. Asubuhi nenda tawini uombe taarifa ya akaunti yenye salio la kila mstari, itafute slipu yako, upige picha orodha ya ada, ndipo uandike barua ya pili.